Ganzi ya msamba na mkojo unaogoma: msisubiri kliniki ya Jumatatu

*Swali: Shikamoo daktari. Mume wangu ana miaka 39, ni fundi ujenzi hapa Morogoro. Kiuno kinamsumbua muda mrefu, ila wiki hii maumivu yameshuka miguu yote miwili. Tangu jana anasema ana ganzi katikati ya miguu, na mkojo unatoka kwa kusukuma. Duka la dawa wametupa dawa za UTI. Leo maumivu yamepungua kidogo. Tuna miadi ya kliniki ya mifupa Jumatatu. Tusubiri au twende leo?*

Marahaba, dada yangu. Nendeni sasa hivi, usiku huu huu, msingoje kupambazuke. Msiende zahanati wala msirudi duka la dawa. Nendeni moja kwa moja kitengo cha dharura cha hospitali ya rufaa ya mkoa. Mkifika pale msianze na habari za kiuno, kwa sababu anayelalamika kiuno huambiwa akae kwenye benchi asubiri zamu yake. Anza hivi: "Mgonjwa ana ganzi kwenye msamba tangu jana, mkojo hautoki vizuri, na maumivu yako miguu yote miwili. Tunaogopa neva za chini ya mgongo zimebanwa." Maneno hayo kila daktari wa dharura anayaelewa, na yatamtoa mumeo kwenye foleni.

Apande gari, si bodaboda. Asile mpaka daktari amwone, kwa kuwa huenda akahitaji operesheni; maji kidogo hayana neno. Bebeni dawa zote alizomeza wiki hii, pamoja na hizo za UTI, na muulize akumbuke ni saa ngapi mara ya mwisho alikojoa huku akihisi kabisa kwamba anakojoa. Saa hiyo watamuuliza hospitali, na ni bora aifikirie njiani kuliko kuibabaisha mbele ya daktari. Haya mengine utayasoma mkiwa njiani.

Ugwe mgongo, ile kamba nene ya neva inayotoka kwenye ubongo na kushuka ndani ya mifupa ya mgongo, haufiki chini kabisa kama wengi wanavyodhani. Unaishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, juu ya usawa wa kitovu. Kuanzia hapo zinaning'inia neva nyingi ndefu ndani ya mfuko wenye maji, mithili ya mkia wa farasi, na ndiyo maana madaktari wanaziita hivyo kwa Kilatini, kauda ekwina. Nyingine katika fungu hilo zinakwenda mapajani, nyingine kwenye nyayo. Zile zinazotokea chini kabisa, kwenye mfupa wa sakramu, namba 2, 3 na 4, zinafanya kazi tatu kwa pamoja: zinaleta hisia za msamba, sehemu za siri na makalio kwa ndani, zinaamuru kibofu na msuli unaofunga njia ya haja kubwa, na zinahusika na tendo la ndoa. Kwa hiyo ganzi ya mumeo na mkojo wake si magonjwa mawili yaliyokutana kwa bahati mbaya. Ni neva zilezile, zimebanwa mahali pamoja.

Kinachobana kwa mtu wa umri wake na kazi yake mara nyingi ni diski. Kati ya pingili na pingili kuna kitu kama mto mdogo: nje una ukuta mgumu wenye nyuzi, ndani una ute mzito. Ukuta ukichanika, ute hutoka. Kwa kawaida hutokea upande mmoja ukagusa neva moja, mtu akapata yale maumivu ya umeme yanayoshuka mguu mmoja. Wagonjwa wa namna hiyo ni wengi, na wengi wao hupona bila kisu. Shida ni pale kipande kikubwa kinapotoka kwa kishindo kuelekea katikati, mara nyingi kati ya pingili ya 4 na ya 5 ya kiuno, au kati ya ya 5 na sakramu. Hapo nafasi ya mfuko wote inabanwa. Dalili ya kwanza ya mabadiliko hayo ni hii uliyoiandika wewe mwenyewe: maumivu yaliyokuwa ya kiuno, pengine na mguu mmoja, sasa yako miguu yote miwili.

Sasa niseme juu ya maumivu kupungua leo, kwa sababu naona ndilo jambo linalowapa moyo wa kusubiri. Neva iliyobanwa kidogo inapiga kelele, na hayo ndiyo maumivu. Neva iliyobanwa sana inanyamaza, na huo ukimya unaitwa ganzi. Maumivu yakipungua huku ganzi inatanuka na mkojo unazidi kugoma, hiyo si nafuu. Mtu anayepata nafuu ya kweli, ganzi yake hurudi nyuma na mkojo wake hutoka kwa nguvu ileile ya zamani. Mume wako hayuko hivyo.

Niwaeleze kisa cha mgonjwa mmoja niliyemhudumia, mpakiaji wa magunia kwenye ghala, mwenye umri unaokaribiana na wa mumeo. Siku yake ya Jumatatu aliinua gunia, akasikia kitu kinaachia kiunoni, na hadi jioni miguu yote miwili ilikuwa inawaka mpaka nyayo. Usiku hakulala. Jumanne alichuliwa mafuta na jamaa anayesifika kwa kunyoosha viungo, akachomwa na sindano ya maumivu. Jumatano asubuhi, alipomaliza haja na kujitawaza, aliona kitu cha ajabu: mkono unahisi mwili, lakini mwili hauhisi mkono wala maji. Alidhani ni baridi. Mchana huo alisimama chooni muda mrefu, mkojo ukawa unakuja kwa kukatikakatika. Duka la dawa wakampa vidonge vya UTI.

Alhamisi maumivu yalipungua sana. Alikula vizuri, akaketi na wenzake, akasema dawa zimefanya kazi. Siku hiyo hakukumbuka kama alikwenda haja ndogo. Hakuwa na hamu ya kwenda. Ijumaa jioni aliinuka kwenye benchi akakuta suruali imelowa, na hakujua imelowa saa ngapi. Hapo ndipo aibu na hofu vilimleta hospitali. Tulipomwekea mpira wa mkojo zilitoka mililita 1,100, zaidi ya lita nzima, na hakuwa amesikia kubanwa hata kidogo. Mtu mwenye kibofu kizima husikia hamu ya kwanza kikiwa hata hakijafika mililita 250, na akifikia 500 hawezi kutulia kitini. Kipimo cha MRI kilionyesha kipande kikubwa cha diski kati ya pingili ya 4 na ya 5, kimeujaza mfereji wote. Akafanyiwa operesheni usiku wa Jumamosi. Miguu ilipata nguvu ndani ya wiki chache, akarudi kutembea vizuri. Kibofu hakikurudi haraka hivyo. Alikaa karibu mwaka mzima akijitoa mkojo kwa mpira, na sehemu ya ganzi anayo mpaka leo.

Nimesimulia siku kwa siku kwa makusudi. Kwa maelezo yako, mume wako sasa hivi yuko kwenye Jumatano ya mtu yule: ganzi imeingia, mkojo unasukumwa, lakini bado unatoka kwa hiari yake. Hatua hiyo madaktari wanaitenga na ile ya Ijumaa, na wana sababu. Anayeingia chumba cha operesheni akiwa bado anakojoa mwenyewe, hata kama ni kwa shida, ana nafasi nzuri ya kubaki na kibofu chake. Anayeingia akiwa tayari amefungana mkojo bila maumivu, au unavuja wenyewe, wengi hubaki na upungufu fulani hata operesheni ikienda vizuri kabisa. Kliniki ya Jumatatu ingempokea akiwa katika hatua ya pili.

Kuhusu dawa za UTI, simlaumu aliyewapa, kwa kuwa shida ya mkojo kwa kawaida huhesabiwa UTI. Lakini sikiliza tofauti. Mwenye UTI anasikia mno: mkojo unamuunguza, anakimbilia chooni kila mara, anatoa kidogo, anahisi bado upo, pengine ana homa. Mwenye neva zilizobanwa anasikia pungufu. Hamu ya kukojoa imefifia, mkondo umekuwa mwembamba, anasukuma kwa tumbo, akimaliza hana uhakika kama amemaliza. Baadaye kibofu kinajaa kupita kiasi na kuanza kumwagika chenyewe, hasa akikohoa au akiinuka. Umwagikaji huo ndio unaowadanganya watu: mgonjwa anasema "nakojoa mara kwa mara," kumbe ni kilichofurika tu kinachotoka. Na kwa kuwa mkojo uliotuama huota vijidudu, kipimo cha mkojo kinaweza hata kuonyesha maambukizi kweli, watu wakaridhika na jibu hilo. Kijikaratasi cha maabara chenye neno UTI hakiondoi ganzi ya msamba.

Kuna maswali ambayo daktari atamuuliza, na wanaume wengi huyaruka kwa aibu, hasa mke au mama mzazi akiwa amesimama pembeni. Wewe umuulize kwanza, wawili tu, huko kwenye gari. Akijitawaza anahisi maji? Akikaa, anahisi kiti sawasawa pande zote mbili, au kama amekalia kitu kingine? Haja kubwa anaisikia inapokuja, na anaweza kuzuia upepo? Je, tangu wiki hii uume unasimama kama kawaida, na ukiguswa anahisi vilevile? Watu wa pwani na hata wa bara mara nyingi dalili hii ya mwisho, ikija pamoja na kiuno, huiita ngiri, wakatafuta mizizi. Wanawake nao huambiwa ni chango. Kwa mwanamke, maswali ni hayohayo, na la kuongeza ni kama anahisi pedi au kitambaa akiwa kwenye siku zake. Jibu la "sihisi vizuri" kwa swali lolote kati ya haya, kwa mtu mwenye maumivu ya kiuno, ni la kumwambia daktari hata kama hakuuliza.

Hospitali, daktari akiwa makini, hatatosheka kugonga magoti na kuinua miguu. Atamwomba avue nguo na alale ubavu, kisha atagusa kwa pini butu na kwa pamba kuzunguka njia ya haja kubwa na ndani ya mapaja, kulia na kushoto, akimuuliza kama ni ncha au ni laini. Ataingiza kidole chenye glavu na kumwambia abane. Mwambie mumeo kabisa mapema kwamba hayo yatafanyika na kwamba ndiyo kipimo chenyewe. Asije akakataa kwa fedheha. Kidole peke yake hakimalizi maneno, kwa kuwa msuli unaweza kubana vizuri na bado neva zikawa mashakani. Ndiyo maana hisia za ngozi na kiasi cha mkojo vina uzito zaidi kwangu.

Kiasi cha mkojo ni jambo linalowezekana hata hospitali ya wilaya, mradi kuna mashine ya ultrasaundi. Anaambiwa akojoe amalize kabisa, kisha kibofu kinapimwa mara moja. Kijana na mtu wa makamo mwenye kibofu kizima hubakiwa na kidogo sana. Yakibaki zaidi ya mililita 200, shaka ya kubanwa kwa neva hizi inakuwa kubwa. Yakiwa chini ya hapo shaka hupungua, lakini haifutiki, maana mapema kabisa kibofu bado kinajitahidi. Kama hakuna ultrasaundi, mpira wa mkojo unawekwa mara baada ya kukojoa na kinachotoka kinapimwa na kuandikwa. Ombeni namba hiyo iandikwe kwenye fomu ya rufaa. Mpira ukishawekwa, daktari anaweza pia kuuvuta taratibu kidogo sana. Mtu mwenye neva nzima husikia mvuto huo chini ya kibofu, na asiyesikia ametoa jibu zito.

Watakachotaka kufanya haraka ni eksirei, kwa sababu ipo na ni rahisi. Eksirei inaonyesha mifupa. Diski haionekani, neva hazionekani. Nimeona wagonjwa wakirudishwa nyumbani na picha iliyoandikwa "kawaida", na picha kweli ilikuwa kawaida, ila ilipiga kisichoumwa. Kipimo kinachohitajika ni MRI ya kiuno, na ya dharura, si ya kupangiwa wiki ijayo. Ikiwa hapo mlipo haipo au haifanyi kazi usiku, rufaa itolewe usiku huohuo. Kwenu Morogoro njia ni mbili: Dar es Salaam kwenye Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ambako upasuaji wa mgongo ni kazi ya kila siku, au Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa. Daktari wenu apige simu kabla hamjaondoka ili wawasubiri na wajue mnakuja na nini. Kama safari ya MRI ni ndefu mno na siti skani iko karibu, siti skani inaweza kuonyesha kipande kikubwa cha diski na kumpa daktari wa upasuaji pa kuanzia. Lakini ikitoka safi na dalili zipo, MRI bado inadaiwa.

Mtu anaweza kuuliza, kama dalili ziko wazi hivi, kwa nini asipasuliwe bila picha? Kwa sababu si kila kinachobana neva hizi ni diski, na si kila kitu kinaondolewa kwa kisu. Kwa watu wa Kanda ya Ziwa na kwingine kwenye maji yenye kichocho, mayai ya kichocho huweza kufika sehemu ya mwisho ya ugwe mgongo na neva zake, yakaleta uvimbe, na mgonjwa akaja na picha inayofanana sana na hii: maumivu ya kiuno, miguu kulegea, mkojo kufungana, mara nyingi kijana au mtoto. Huyo tiba yake ni prazikwanteli pamoja na dawa za steroidi, na akiwahiwa hupona vizuri. Kifua kikuu cha mgongo nacho hula pingili na kuacha usaha unaobana. Jipu la ndani ya mfereji huweza kuja na homa. Kwa wazee, saratani ya tezi dume au ya matiti iliyohamia mfupani. Na aliyechomwa ganzi ya mgongoni kwa ajili ya operesheni, miguu ikakataa kurudi saa zilizotarajiwa, anahitaji kuangaliwa palepale kama kuna damu iliyovujia ndani. Mwambieni daktari kama mumeo aliwahi kutibiwa TB, kama amekaa sana ziwani, kama ana homa au amepungua uzito.

Mwambieni pia dawa. Amitriptilini anayopewa mtu kwa ajili ya neva, na dawa za maumivu makali kama tramado, zinaweza zenyewe kuzuia mkojo na kufunga choo. Hilo huwachanganya hata madaktari. Ila dawa hazileti ganzi ya msamba. Mkojo ukigoma pamoja na ganzi hiyo, dawa isifanywe kisingizio.

Ikithibitika ni diski, atafanyiwa operesheni. Najua litakalosemwa na ndugu mara tu neno hilo likitajwa: ukipasuliwa mgongo unapooza. Wazo hilo limewachelewesha wengi, kwa hiyo nalieleza taratibu. Mahali anapopasuliwa ni chini ya pale ugwe mgongo unapoishia. Pale kuna neva zinazoelea kwenye maji, ambazo daktari anaweza kuzisogeza kwa uangalifu. Anachana katikati ya kiuno, anatoa sehemu ndogo ya mfupa wa nyuma ya pingili kupata nafasi, anausogeza mfuko wa neva, kisha anakivuta kile kipande cha diski kilichotoka. Mara nyingi hakuna vyuma vinavyowekwa. Hatari zipo, na mtaelezwa kabla hajasaini: mfuko unaweza kutoboka ukavuja maji, kidonda kinaweza kupata maambukizi, damu inaweza kuvuja, na mara chache neva huumia. Lakini kwa mtu aliye katika hali ya mumeo, hatari kubwa ya kubaki na miguu dhaifu na mkojo usiozuilika iko upande wa kutopasuliwa. Sindano za vitamini za neva, mkanda wa kiuno, mazoezi na kuvutwa mgongo havikitoi kipande kile. Vinakula saa tu.

Saa zenyewe ni ngapi? Mtasikia zikitajwa saa 48 tangu dalili za mkojo na ganzi zianze, na ni kweli tafiti nyingi zimepanga wagonjwa kwa mpaka huo: waliopasuliwa ndani yake walikuwa na hali bora kuliko waliopita. Msiuchukue kama ruhusa ya kutumia saa zote. Neva haingoji saa ya 48 ndipo ianze kufa. Inapungua kidogo kidogo njia nzima, na kwa mtu ambaye bado anakojoa mwenyewe kila saa inayookolewa ina maana. Mumeo ana ganzi tangu jana, kwa hiyo sehemu kubwa ya muda huo imeshatumika. Na kama kuna msomaji mwingine ambaye ndugu yake ameshapita saa hizo, ampeleke vilevile. Kuondoa mbano kwa kuchelewa bado kunaweza kuzuia miguu isiendelee kudhoofika, na kibofu huweza kuendelea kurudi polepole kwa miezi, hata mwaka na zaidi.

Mpaka atakapoonwa, kuna mambo mawili nyumbani na wodini ya kumkinga nayo. La kwanza, msimkande maji ya moto wala msimwekee chupa ya moto kiunoni, makalioni au mapajani. Sehemu yenye ganzi haitoi taarifa ya kuungua, na mtu huamka na malengelenge ambayo hakuyasikia yakitokea. La pili, asizuiwe wala asilazimishwe kukojoa kwa kukandamizwa tumbo. Kibofu kilichojaa kupita kiasi msuli wake unavutika na kuchoka, na uchovu huo unaongeza shida juu ya shida ya neva. Kama haja ndogo haijatoka kwa saa sita au zaidi na hasikii kubanwa, hiyo peke yake ni habari ya kumwambia muuguzi palepale alipo, awekewe mpira.

Baada ya operesheni mpira utaachwa siku chache, kisha utatolewa kwa majaribio. Akishakojoa, kipimwe tena kilichobaki. Wauguzi wenye shughuli nyingi wakati mwingine huona amekojoa na kuandika "amekojoa", bila kupima. Ulizeni kimebaki kiasi gani. Kikibaki kingi, asirudishwe nyumbani na mpira wa kudumu kama kuna njia nyingine. Aombe kufundishwa kujitoa mkojo mwenyewe kwa mpira mwembamba, mikono ikiwa safi, mara nne hadi sita kwa siku. Kinaonekana kigumu siku ya kwanza, lakini wanaume wengi hukizoea upesi. Njia hiyo huleta maambukizi machache kuliko mpira unaokaa ndani muda wote, na inamruhusu mtu kurudi kazini huku kibofu kikiendelea kupimwa kila baada ya wiki kadhaa kuona kama neva zinarejea.